ERP ya kiwanda cha chai: piga hesabu kwa kilo, si kwa leseni

Leo tuzungumze pesa. Kila msimu wa bajeti ukikaribia napata simu za aina moja kutoka viwanda vya chai vya huku kwetu, Kericho na Bomet. Meneja au mhasibu ameletewa kwotesheni ya ERP, yaani ule mfumo mmoja wa kompyuta unaobeba uhasibu, stoo, mishahara, ununuzi na mauzo ya shirika zima. Kwotesheni ina kurasa arobaini, na ukurasa wa mwisho una tarakimu moja kubwa. Anachotaka kujua kutoka kwangu ni kama hiyo bei ni ya haki.

Jibu langu huwa lile lile. Bei inaweza kuwa ya haki kabisa, lakini si gharama ya mfumo. Ni gharama ya kuanza tu. Kiwanda kitaishi na ERP miaka saba, pengine kumi, na kila mwaka kuna mtu atalipwa kwa sababu yake. Wataalamu huita hesabu hii jumla ya gharama za kumiliki. Nina maoni makali kuhusu jinsi inavyofanywa huku kwenye chai, na leo nitayamwaga yote, pamoja na mfano wenye tarakimu ili ubishane nami ukiwa na kikokotoo mkononi.

Kwanza kipimo. Wauzaji wa programu hupenda kuhesabu kwa mtumiaji: dola kadhaa kwa kila kichwa kila mwezi. Kipimo hicho kinamfaa muuzaji. Kiwanda cha wakulima wadogo, kama vile Kapkoros au Tirgaga kule Bomet, au Litein na Momul huku Kericho, ni kampuni ambayo wenye hisa zake ni wakulima wenyewe wanaoleta majani. Wanalipwa kidogo kila mwezi, halafu bonasi mwisho wa mwaka wa fedha. Kila shilingi inayotumika kiwandani inatoka kwenye bonasi hiyo. Kwa hiyo kipimo cha haki ni senti kwa kilo ya majani mabichi. Mzee mmoja wa bodi, ambaye hajawahi kugusa kompyuta, alinifundisha hili katika swali moja. Baada ya mimi kueleza mambo ya seva na moduli kwa nusu saa alinyoosha mkono akasema, "Kijana, hiyo yote nimesikia. Sasa itakula ngapi kwa kilo?" Nilimwambia, "Mzee, nipe mpaka kesho." Tangu siku hiyo kila lahajedwali ninayotengeneza ina mstari huo chini kabisa.

Sasa mfano. Kiwanda hiki nimekibuni mwenyewe, usikitafute kwenye ramani, na viwango vya malipo ni makadirio yangu ambayo wewe utabadilisha kulingana na hali yako. Kinapokea kilo milioni 14 za majani mabichi kwa mwaka. Kwa kuwa huchukua kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai iliyokauka, hiyo ni chai milioni tatu na kidogo. Kina wakulima 9,000, vituo 40 vya kununulia majani, makarani wa mizani 45, na watu 30 ofisini na kiwandani ambao wataingia kwenye mfumo kila siku. Tunapiga hesabu ya miaka saba, dola moja kwa shilingi 130.

Mfumo wenyewe tuuchukulie Dynamics 365 Business Central ya Microsoft, kwa sababu ndugu yake mkubwa, Dynamics NAV, ameenea sana katika saccos na makampuni ya Kenya na mafundi wake wapo. Leseni kamili ya kawaida ilikuwa dola 70 kwa mtumiaji kwa mwezi mpaka Novemba 2025, ilipopandishwa hadi 80. Watu 30 kwa dola 80 kwa miezi 12 ni dola 28,800. Muuzaji ataishia hapo. Mimi naongeza makarani 45, na hapa nitakaa kidogo.

Karani wa mizani haingii kwenye ERP. Anashika kifaa cha mkononi kilichounganishwa na mizani, anapima mfuko, anatoa stakabadhi, na data inaruka kwa mtandao wa simu hadi kiwandani. Je, anahitaji leseni? Watu wengi husema hapana, kwa sababu hajawahi kuona skrini ya ERP. Mikataba mingi ya leseni husema vingine: mtu anayeingiza data kwa kupitia mfumo mwingine bado ni mtumiaji. Hili si jambo la nadharia. Mwaka 2017 mahakama kuu ya Uingereza iliamua kesi ya SAP dhidi ya Diageo, watengenezaji wa vileo. Diageo walikuwa wameunganisha programu ya wauzaji wao na mfumo mwingine wa wateja kwenye SAP. SAP walidai zaidi ya pauni milioni 54 kwa leseni ambazo hazikulipwa, na jaji akakubali kwamba matumizi hayo ya pembeni yanahitaji leseni. Mwaka uliofuata SAP walileta njia nyingine ya kutoza: kuhesabu hati zinazoingizwa na mifumo ya nje badala ya kuhesabu watu.

Fikiria maana yake kwenye chai. Wakulima 9,000, kila mmoja akileta majani mara sita kwa mwezi, ni stakabadhi 54,000 kwa mwezi, 648,000 kwa mwaka. Kiwanda chenye watu 30 ofisini kinaonekana kidogo ukihesabu vichwa, lakini ukihesabu hati kinafanana na kampuni kubwa ya mjini. Ndiyo maana nasema uliza swali la mizani kwa maandishi kabla ya kutia sahihi, na jibu liwekwe ndani ya mkataba, si kwenye barua pepe ya kijana wa mauzo ambaye mwaka ujao atakuwa amehamia kampuni nyingine.

Katika mfano wangu nimewapa makarani leseni ndogo ya dola 8 kwa mwezi. Inaongeza dola 4,320 kwa mwaka, jumla dola 33,120, yaani shilingi milioni 4.3 kila mwaka. Miaka saba: milioni 30.1.

Washauri sasa. Kwotesheni ilisema siku 180 za kazi kwa shilingi 45,000 kwa siku, milioni 8.1. Jumlisha na leseni ya mwaka wa kwanza unapata milioni 12.4, na hiyo ndiyo tarakimu ambayo bodi iliipigia kura. Kazi halisi itakuwa kama siku 340. Siku 160 zilizozidi si wizi, na mshauri si mtu mbaya. Zimetoka mahali pawili ambapo kila mtu aliyefanya kazi kwenye chai anapajua.

Pa kwanza ni majani yenyewe. ERP yoyote ya dukani inajua kununua kitu kwa msambazaji: unaandika agizo, mzigo unafika, ankara inafuata, unalipa. Mkulima wa chai hafuati njia hiyo. Hakuna agizo, hakuna ankara, anapimiwa kwa kilo kituoni, bei ya mwezi inajulikana lakini bei ya mwisho haijulikani mpaka bonasi itangazwe baada ya mwaka wa fedha kufungwa. Kutoka kwenye malipo yake kuna makato ya mbolea, mkopo wa sacco, malipo ya awali, wakati mwingine karo. Anaweza kuwa na namba mbili za mkulima kwa mashamba mawili, na malipo yakaenda benki mbili tofauti. Hakuna moduli ya hayo ndani ya sanduku. Lazima iandikwe, na mimi naiwekea siku 120.

Pa pili ni kuhamisha data ya zamani, siku 40. Daftari la wakulima la kiwanda chochote cha umri lina marehemu ambao watoto wao bado wanauza majani kwa namba ya baba, lina majina yaliyoandikwa kwa njia tatu, lina namba za kitambulisho zilizokosewa tarakimu moja. Mfumo wa zamani ulivumilia haya yote. Mpya unataka kila mtu awe na kitambulisho kimoja na akaunti moja, la sivyo malipo yanarudi kutoka benki. Hakuna programu ya kusafisha hayo. Ni mtu kukaa na karani wa kituo na kuuliza, huyu ni nani, yu hai?

Siku 340 kwa 45,000 ni milioni 15.3. Washauri wanatoka Nairobi, wanalala hoteli, wanakula. Siku 200 za kuwa hapa kwa shilingi 9,000 ni milioni 1.8 nyingine. Jumla ya washauri wa kuanzisha ni milioni 17.1. Na kama mshauri anatoka nje ya nchi, tazama kifungu cha kodi. Kenya hukata asilimia 20 kwenye ada ya kitaalamu ya mtu asiye mkaazi, isipokuwa mkataba wa kodi na nchi yake umepunguza kiwango hicho. Mshauri akiandika kwamba bei yake ni baada ya kodi, kodi hiyo umeibeba wewe. Ili yeye apate milioni 8.1 mkononi, wewe utatoa 8.1 ukigawa kwa 0.8, yaani milioni 10.1. Sentensi moja kwenye ukurasa wa 33 imekula milioni mbili. Kwenye mfano wangu washauri ni wa hapa nchini, kwa hiyo siiweki.

Seva na mtandao nitapita haraka kwa sababu ndipo watu hubishana sana na ndipo pesa ni chache. Leseni ya wingu inajumuisha seva ya ERP. Unabaki kulipia seva ndogo ya kupokea data za mizani, nakala za akiba, na laini mbili za mtandao za makampuni tofauti, kwa sababu faiba hukatwa na trekta inayochimba barabara siku ile ile ya kulipa wakulima. Nimeweka shilingi 90,000 kwa mwezi. Miaka saba ni milioni 7.6. Jenereta kiwanda tayari kinayo.

Mafunzo yamepunjwa katika kila kwotesheni niliyowahi kuona. Muuzaji huandika "mafunzo siku 20" na anahesabu siku za mwalimu tu. Gharama kubwa ni ya wanafunzi: watu 30 kwa siku 10 na makarani 45 kwa siku 3 ni siku 435 za kazi ambazo mtu analipwa na hafanyi kazi yake. Kwa wastani wa shilingi 2,500 kwa siku ni milioni 1.1, pamoja na 900,000 za mwalimu. Halafu watu huondoka. Karani hupata kazi kaunti, mhasibu huhamishwa, na anayekuja hufundishwa na mwenzake kwa dakika kumi njia za mkato ambazo baadaye zinaonekana kwenye ripoti. Nimeweka 400,000 kila mwaka kwa miaka sita inayofuata. Mafunzo yote: milioni 4.4.

Msaada baada ya mfumo kuwaka una sehemu nne, na hapa ndipo naomba usome polepole. Kuna mkataba wa msaada na kampuni iliyoweka mfumo, 1.8 kwa mwaka kwa miaka sita, milioni 10.8. Kuna watu wako wawili wa ndani, mmoja wa kompyuta na mmoja mhasibu aliyegeuka mjuzi wa mfumo, ambao kwa pamoja wanakugharimu 150,000 kwa mwezi, milioni 12.6 kwa miaka saba. Hawa hawamo kwenye kwotesheni kabisa, kwa sababu muuzaji hawalipi. Bila wao kila swali dogo linakuwa simu ya Nairobi.

Sehemu ya tatu ni mabadiliko. Mkataba wa msaada hurekebisha kilichoharibika. Kilichobadilika hulipiwa kando, kwa siku. Na vitu hubadilika kweli kweli. Chukua mishahara peke yake. Business Central haina mishahara ya Kenya ndani yake, huongezwa na kampuni za hapa. Februari 2023 viwango vipya vya NSSF vilianza. Julai 2023 ikaja tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 na ngazi mpya za juu za kodi ya mapato. Januari 2024, baada ya uamuzi wa mahakama ya rufaa, tozo ikasimama. Februari NSSF ikapanda tena. Machi sheria mpya ikarudisha tozo. Oktoba 2024 NHIF ikafa na SHIF ya asilimia 2.75 ikachukua nafasi yake. Desemba namna ya kukokotoa kodi ikabadilika, kwa sababu tozo ya nyumba na SHIF zikaanza kutolewa kabla ya kodi. Februari 2025, NSSF tena. Hayo ni mara nane katika miaka miwili, na kila mara mtu aliandika fomula, mtu akajaribu, mtu akalinganisha na hesabu ya mkono. Siku nne kila moja ni siku 32, na bado hatujagusa ankara za eTIMS wala namna ya kukata mbolea. Nimeweka siku 30 kwa mwaka kwa mabadiliko yote: milioni 1.35, na kwa miaka sita milioni 8.1. Ukiniambia ni nyingi, nionyeshe mwaka ambao serikali haikugusa mishahara.

Ya nne ni matoleo mapya. Mfumo wa wingu hubadilishwa na mwenyewe mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, na huwezi kukataa milele. Ile moduli ya majani ya siku 120 uliyoandikiwa lazima ijaribiwe upya kila toleo, na mara nyingine irekebishwe. Siku 10 kila mara, siku 20 kwa mwaka, shilingi 900,000. Miaka sita, milioni 5.4.

Sasa weka nane hizi kwenye lahajedwali, kwa mamilioni, kutoka B2 hadi B9: 30.1, 17.1, 7.6, 4.4, 10.8, 12.6, 8.1, 5.4. Halafu andika:

```
=SUM(B2:B9)          -> 96.1
=SUM(B2:B9)/7/14     -> 0.98
```

Ile 7 ni miaka, 14 ni mamilioni ya kilo kwa mwaka. Jibu ni senti 98 kwa kilo. Karibu shilingi nzima kutoka kila kilo ya kila mkulima, kila siku, kwa miaka saba. Ukipenda kwa mkulima, ni kama shilingi 1,500 kwa mwaka. Bodi ilipiga kura kwa milioni 12.4, gharama ni milioni 96.1, karibu mara nane. Na hakuna aliyedanganya mahali popote.

Tazama mgawanyo. Leseni ni milioni 30 katika 96, chini ya theluthi. Seva ni asilimia 8. Kilichobaki, zaidi ya nusu, ni watu: wa kuweka, wa kufundisha, wa kusaidia, wa kubadilisha. Lakini kwenye mkutano wa zabuni mabishano yote huwa kuhusu leseni. Nimewahi kuona saa mbili zikipotea kushusha leseni kwa asilimia 10, huku siku za mabadiliko hazikutajwa hata mara moja. Asilimia 10 ya leseni ni senti tatu kwa kilo.

Najua kuna msomaji anayepiga meza akisema, tumia programu huria! Mimi ni mtu wa programu huria tangu zamani, kwa hiyo nitapiga hesabu bila upendeleo. Chukua ERPNext, inayotoka Mumbai, leseni yake ni bure. Futa milioni 30.1. Sasa seva ni yako, ongeza 60,000 kwa mwezi, milioni 5. Unahitaji mwandishi wa programu wa ndani, maana mafundi wake ni wachache. Shilingi 180,000 kwa mwezi ni milioni 15.1. Umeokoa milioni 10, na jumla inashuka hadi 86, senti 88 kwa kilo. Senti kumi ni pesa, lakini si "bure" iliyotangazwa. Faida yake kwangu iko kwingine: zile milioni 15 zinalipwa kwa kijana anayekaa Litein au Sotik badala ya kwenda ng'ambo, na hazipandi dola ikipanda.

Kuhusu dola, kuna jambo la chai ambalo halipo kwa wengine. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika kama shilingi 160 kabla ya kurudi karibu 130 mwaka huo huo. Kwa 160, leseni za mfano wetu zinapanda kutoka milioni 4.3 hadi 5.3 kwa mwaka, kama senti saba kwa kilo. Hospitali au shule ingelia. Kiwanda cha chai kinauza kwenye mnada wa Mombasa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikidhoofika mapato yake nayo yanapanda. Usiogope leseni za dola kupita kiasi kama chai yako inauzwa mnadani. Kama unafungasha kwa soko la hapa nyumbani, ogopa.

Basi nifanye nini, unauliza. Maoni yangu ni haya, na najua washauri wengine hawatayapenda: usiweke majani ndani ya ERP. Daftari la wakulima, mizani, makato na stakabadhi zikae kwenye mfumo wao mdogo wa kando, ulioandikwa kwa ajili ya chai tu, na ERP ipokee jumla ya kila kituo kwa kila siku. Badala ya stakabadhi 54,000 kwa mwezi, daftari kuu linapata vituo 40 mara siku za kazi, mistari kama elfu moja. Kazi ya siku 120 haipotei, bado utaiandika, lakini toleo jipya la Aprili haliigusi tena. Siku za kujaribu matoleo zinashuka, kwa makisio yangu, kutoka 20 hadi 6 kwa mwaka. Hiyo ni milioni 3.8 kwa miaka sita. Na ukibadilisha ERP baada ya miaka saba, wakulima hawatajua.

Usidhani tu kwamba hili linafuta leseni za makarani. Mikataba mingine inasema kukusanya data pembeni kisha kuituma kwa pamoja hakupunguzi hesabu ya watu. Ndiyo maana sikuziondoa kwenye mfano.

Mpango huu una hatari yake. Mifumo miwili inaweza kusema mambo mawili. Kilo 300 zimepimwa kituoni, kifaa kikapoteza mtandao, jumla ikatumwa, halafu saa tatu usiku stakabadhi zilizobaki zikafika. Daftari la wakulima linasema moja, daftari kuu linasema lingine, na tofauti inagunduliwa wakati wa bonasi, ambao ni wakati mbaya kuliko yote. Dawa ni kulinganisha kila asubuhi, si kila mwezi:

```sql
SELECT m.kituo, m.tarehe, m.kilo - e.kilo AS tofauti
FROM majani_jumla m
JOIN erp_jumla e ON e.kituo = m.kituo AND e.tarehe = m.tarehe
WHERE m.kilo <> e.kilo;
```

Jibu liwe tupu. Siku ambayo kituo hakikutuma kitu kabisa hakitaonekana hapa, kwa hiyo hesabu pia vituo: arobaini vimetuma, au thelathini na tisa? Mhasibu yule wa ndani ndiye anayefanya hivi kabla ya chai ya saa nne. Kama hakuna mtu wa kufanya hivyo, acha mpango wangu, lipa mshauri aweke kila kitu ndani.

Unawezaje kujua kwamba kwotesheni iliyo mezani mwako imeficha kitu? Mimi hutafuta mambo matatu. Natafuta bei ya siku moja ya mshauri baada ya mfumo kuwaka. Ikikosekana, itakuwa kubwa kuliko ya wakati wa kuanzisha. Natafuta orodha ya vitu ambavyo mkataba wa msaada haufanyi. Ikikosekana, orodha hiyo ni "kila kitu". Na natafuta neno la kutoka: siku tukiachana, data yetu tutaipata kwa muundo gani, kwa siku ngapi, kwa shilingi ngapi. Hili la mwisho sikuliweka kwenye zile milioni 96, kwa sababu linategemea mkataba peke yake. Liombe kabla ya kutia sahihi, halafu lijaribu katika mwezi wa tatu wa mfumo kuwaka: waombe faili kamili la wakulima 9,000 na salio zao, lifungue kwenye kompyuta ambayo haina ERP, na uone kama karani wa kituo anaweza kumtafuta mama yake humo akampata.